"Haya, dada. Nimesikia"

*Mimi ni mshauri nasaha mwenye miaka 29, nafanya kazi na watu wanaotumia unga hapa Mjini Unguja. Wengi nawakuta maskani za Malindi na Darajani, wengine huletwa na jamaa zao. Nilihudhuria mafunzo ya siku mbili juu ya mahojiano ya kuamsha ari. Tukafundishwa tusibishane na mteja, tumrejeshee maneno yake, tumwachie yeye uamuzi. Darasani niliona rahisi, ila kazini nashindwa.*

*Nina mteja wa miaka 31, baharia wa boti ya dagaa. Aliletwa na kaka yake. Anajidunga, na mkewe amerudi kwao na mtoto. Mazungumzo yetu yalikwenda hivi:*

*Mimi: Unajua kwamba unga unakuua?*
*Yeye: Najua.*
*Mimi: Sasa kwa nini usiende Kidongo Chekundu ukaanza methadoni? Wenzako wamepata nafuu.*
*Yeye: Mie si mwendawazimu. Na kazi yangu ya bahari, siwezi kwenda kule kila siku.*
*Mimi: Lakini kazi gani hiyo, pesa yote inaishia kwenye kete? Mfikirie mwanao.*
*Yeye: Haya, dada. Nimesikia.*
*Mimi: Kwa hiyo utakwenda?*
*Yeye: Inshaallah.*

*Hakwenda. Sasa akiniona Malindi anakata kichochoro. Nifanye nini na mtu asiyetaka kubadilika? Nimwache mpaka awe tayari?*

*— Mshauri, Mjini Unguja*

Mwanangu, nashukuru kwa kuniandikia mazungumzo yenyewe, neno kwa neno, badala ya kunieleza tu kwamba mteja ni mgumu. Katika mistari hiyo michache kuna kila ninachohitaji ili nikujibu.

Kwanza, huyu si mtu asiyetaka kubadilika. Alikubali kuja na kaka yake, akakaa, akasema anajua unga unamuua. Halafu akakupa sababu mbili za kutokwenda kliniki, na zote mbili ni za kweli. Mtu wa namna hii ana nyoyo mbili: mmoja unataka kutoka, mwengine unaona gharama ya kutoka. Nyoyo hizo zinaishi pamoja ndani ya mtu mmoja, pengine kwa miaka, na hilo si ukaidi wala si ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Ndiyo hali ya kawaida ya mtu anayetakiwa kuacha jambo linalomuumiza na kumsaidia kwa wakati mmoja.

Sasa tazama kazi ilivyogawanyika siku ile. Maneno yote ya kuacha unga uliyasema wewe: unakuua, wenzako wamepata nafuu, mfikirie mwanao. Yeye akabakiwa na upande uliosalia, akautetea. Kila ulivyosukuma, ndivyo alivyozidi kujisikia mwenyewe akieleza kwa nini hawezi kwenda. Na mtu huamini zaidi kile anachojisikia akikisema kwa kinywa chake kuliko anachoambiwa. Ulikuwa unamfanyisha mazoezi ya kubaki alipo, bila kukusudia.

Hilo ndilo aliloliona mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliyeandika kwa mara ya kwanza juu ya njia hii uliyofundishwa mwaka 1983 kutokana na kazi yake na walevi. Mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick, mzaliwa wa Afrika Kusini, wakatoa kitabu chao cha kwanza. Katika utafiti ambao Miller na wenzake walichapisha mwaka 1993, mtaalamu alivyozidi kumkabili mteja kwa mabishano, ndivyo mteja yule alivyoonekana kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Kwa hiyo unapobishana hupotezi muda tu. Kuna uwezekano unamrudisha nyuma.

Ulifundishwa, nadhani, "kwenda na upinzani" badala ya kupambana nao. Ni fundisho zuri, ila fahamu kwamba katika toleo la tatu la kitabu chao, la mwaka 2013, Miller na Rollnick waliliacha neno upinzani, kwa sababu lilikuwa linamtupia mteja lawama yote. Wakatenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa. La kwanza ni maneno ya mtu ya kutetea hali aliyonayo, na hayo yanahusu unga. La pili ni ufa kati yake na wewe, na huo unahusu uhusiano wenu. Mteja wako aliposema "Mie si mwendawazimu, na kazi yangu ya bahari," hayo yalikuwa ya aina ya kwanza. Ni ule moyo wa pili unaongea, na mazungumzo bado yalikuwa hai. Aliposema "Haya, dada, nimesikia," hayo yalikuwa ya pili. Pale alikwisha kuondoka, ingawa mwili wake ulikuwa bado kitini.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mafunzo mengi yaliandikwa kwa watu wa kwengine, ambako mteja asiyeridhika hupandisha sauti au hukwambia waziwazi kwamba hakubaliani nawe. Kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hambishii mtu anayemwonya kwa wema. Anainamisha macho, anaitikia, anashukuru, halafu haonekani tena. Ukingoja matusi ndiyo ujue umempoteza, utawapoteza wengi wakiwa wanakutikisia kichwa. Dalili za kwetu ni majibu yanayozidi kuwa mafupi, "haya" zinazofuatana, macho kwenye simu au mlangoni, na kukubali kwa haraka jambo ambalo dakika moja nyuma alikuwa na hoja dhidi yake.

Maneno ya kweli ya kubadilika yana mwili. Ndani yake mna nataka, naweza, kwa sababu, imenibidi. Na yakikomaa huja na siku, na mtu wa kwenda naye, na nauli. Yule mtu aliyekwisha kupanga safari akisema inshaallah, unaisikia safari yake ndani ya neno hilo. Mteja wako aliisema baada ya swali lisilo na njia ya kutokea, "Kwa hiyo utakwenda?", aliloulizwa na mtu anayemheshimu. Usimhukumu kwa kutotimiza ahadi, maana ahadi ile uliitoa wewe kwa niaba yake.

Basi badala ya swali lile ungefanya nini? Ungemrejeshea alichosema. Kurejesha si kuuliza: ni sentensi inayoeleza unavyodhani amemaanisha, ukamwachia akubali au akurekebishe. Kwa Kiswahili hili linahitaji sikio, kwa kuwa "Umechoka" ya kueleza na "Umechoka?" ya kuuliza zimeandikwa sawa, na tofauti yao iko kwenye sauti peke yake. Sauti ikipanda mwishoni, umemhoji, naye atajitetea. Sauti ikishuka, umemwonyesha kwamba umesikia, naye ataendelea. Jizoeze nyumbani kwa sauti ya kusikika mpaka ishuke yenyewe.

Chukua "Mie si mwendawazimu." Rejesho jepesi ni "Hutaki kuonekana Kidongo Chekundu." Linatosha kumfanya aendelee, ila halimsogezi mbali. Rejesho la ndani zaidi linakisia kile ambacho bado hajakitamka: "Unahofia mtu wa mtaani akikuona unaingia mlango ule, utapewa jina ambalo halitafutika." Kila mtu Unguja anajua hospitali ya Kidongo Chekundu ni ya maradhi ya akili, na kliniki ya methadoni iko hapohapo tangu mwaka 2015. Kwa hiyo hofu yake ina msingi, na wewe kuitamka kabla hajajitetea kunamwondolea kazi ya kuitetea. Ukikisia vibaya, atakwambia "Siyo hivyo, ila…" na hapo umepata zaidi ya ulichotafuta.

Kuna rejesho jengine linalofundishwa, la kulikuza neno la mteja kidogo ili mwenyewe alipunguze, kama "Kwa hiyo unga haujakuletea tabu yoyote." Mimi nakushauri uliache kwa sasa. Sauti ikikosea kidogo tu linakuwa kejeli, na mtu wa pwani akisikia kejeli hasahau.

Kwa mtu wa nyoyo mbili, lenye nguvu zaidi ni rejesho la pande mbili, na lina kanuni mbili ndogo. Anza na upande wa kubaki, malizia na upande wa kuondoka, kwa sababu mtu hujibu zaidi kile alichokisikia mwisho. Na viunganishe kwa "na", usitumie "lakini", maana "lakini" inafuta kilichotangulia na mteja anaona umemsikiliza ili upate pa kumbishia. Barua yako ina "lakini" moja, na baada yake tu ndipo ilipokuja "haya, dada."

Sasa tuyarudie mazungumzo yenyewe, tukidhani umemkuta akiwa mtulivu, hana arosto, na amekubali kukaa nawe robo saa. Nimeyatunga kwa kufuata uliyoniandikia. Anza kwa kuziba ufa.

Wewe: Siku ile nilisema sana mie, sikukupa nafasi. Leo nataka nisikilize.
Yeye: Hamna neno, dada.
Wewe: Ulisema bahari haikuachii nafasi ya kwenda kila siku.
Yeye: Tukienda dago tunakaa wiki mbili, pengine zaidi. Kete nabeba mfukoni. Ile dawa yao sipewi nikaondoka nayo.
Wewe: Ukiwa mbali na mjini, unga unaweza kwenda nao na methadoni huwezi.
Yeye: Ndiyo maana yake. Zikinishia kule, arosto inanishika mbele za watu. Ilishanishika karibu na Tumbatu. Nahodha kaniambia ikitokea tena nisipande boti yake.

Umeona kilichotokea. Hukumwambia kazi yake iko hatarini, kakwambia mwenyewe. Ungemjibu mara ya kwanza kwamba kliniki ni muhimu kuliko dago, habari ya Tumbatu usingeisikia. Hapa wengi hukurupuka, wakasema "Unaona sasa!" Wewe rejesha tu.

Wewe: Unga unakusaidia kumaliza dago, na huohuo ndio unaoweza kukutoa botini.
Yeye: (Kimya.) Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.
Wewe: Na jengine?
Yeye: Mwanangu. Ananijua kwa sauti ya simu tu.
Wewe: Unataka akujue kwa sura.
Yeye: Nataka nimchukue mwenyewe skuli, kama baba za wenzake.

Ule ukimya uache upite. Kwa mtu mwenye nyoyo mbili, ukimya ndio wakati anapojisikiliza, na mshauri anayeujaza kwa nasaha anamkatiza. Angalia pia kwamba mtoto aliyekuja katika mazungumzo haya ni yuleyule uliyemtaja wewe. Ulipomtaja wewe alikuwa lawama. Alipomtaja yeye akawa sababu.

Baada ya hapo mkusanyie aliyosema kwa sentensi tatu nne, kisha unaweza kutumia kipimo cha sifuri mpaka kumi: kuacha unga kuna umuhimu gani kwako sasa hivi? Tuseme amejibu nne. Swali linalofuata ndilo linaloamua. Ukimwuliza kwa nini si nane, atakupa orodha ya vikwazo. Mwulize kwa nini nne na si moja, naye atakutajia sababu zake za kutaka kutoka, kwa maneno yake.

Ndipo ufike kwenye maelezo ya dawa, na hapo pia usimwage. Mwulize kwanza anajua nini juu ya methadoni, omba ruhusa ya kuongeza, ongeza kidogo, kisha mwulize anaonaje. Yanayomhusu ni machache. Ni dawa ya maji inayonywewa kila siku mbele ya mhudumu. Huanza kwa kiwango kidogo na hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo siku za mwanzo hazifai kurukwa. Na mtu akiikosa siku kadhaa mfululizo hapewi tu kiwango chake cha zamani, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu na kiwango kile kinaweza kumdhuru.

Ukiyafahamu hayo, utaona kwamba ile "kazi yangu ya bahari" uliyoiona kisingizio ilikuwa swali halisi la kitabibu. Mhudumu yeyote wa kliniki angetaka kulijua kabla hajaanza kumpa dawa. Mteja wako alikuwa ameshafikiria utaratibu wa methadoni kuliko wewe ulivyodhani, na mtu asiyetaka kabisa hafikirii utaratibu.

Wewe: Hayo ndiyo ninayoyajua mie. Wewe unaonaje?
Yeye: Mwezi ukiwa mkubwa hatutoki. Siku hizo nipo mjini.
Wewe: Kuna nafasi wakati wa mbalamwezi.
Yeye: Ningeweza kwenda kuuliza tu. Kuuliza, sijasema kuanza.
Wewe: Kwenda kuuliza, kisha uamue mwenyewe.
Yeye: Kaka akinisindikiza, watu hawatasema kitu.

Wewe na mimi tusingeifikiria mbalamwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na kalenda hiyo iko kichwani mwake. Angalia pia kwamba tatizo la pili, la kuonekana mlangoni, kalipatia dawa bila kuulizwa. Na alipokuwekea mpaka, "sijasema kuanza," ukauheshimu. Huko ndiko kwenda na upinzani: kama nahodha wa jahazi mwenye upepo wa mbele, huelekezi chombo moja kwa moja dhidi yake, unakata upande na bado unasogea. Ungesema "Kwa nini usianze kabisa?" ungemrudisha kwenye "haya, dada."

Sikuahidi kwamba ataanza. Pengine ataona dago na kliniki haviendi pamoja, achague dago mwaka huu. Likitokea hilo, mlango wako ubaki wazi, na unachoweza kufanya ni kuzungumza naye juu ya sindano safi na kutojidunga peke yake.

Njia hii ina mipaka, nayo ni lazima uishike vizuri. Mtu aliye katika arosto usimhoji, kwani mwili wake hauna nafasi ya kujisikiliza. Mpeleke akatulizwe kwanza. Mtu aliyekwisha kuamua usimrudishe kwenye kupima nyoyo zake, unaweza kumfufulia wasiwasi aliouzika. Mkamate mkono mwende. Na kuna jambo moja la kusema moja kwa moja, bila kungoja alitamke mwenyewe: aliyekaa siku kadhaa bila unga, iwe ni kwa dago, soba, rumande au kufunga Ramadhani, akirudi kwenye kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo. Omba ruhusa kwa heshima, kisha mwambie hivyohivyo.

Jamaa nao watakusukuma. Kaka aliyemleta anataka umshawishi, na mama atakuomba umwapishe. Waeleze mapema kwamba kazi yako si kumshinda, na wasikudai jibu kila wiki.

Umesema mafunzo yako yalikuwa ya siku mbili. Miller na wenzake walilipima hilo pia: ujuzi unaopatikana kwenye warsha hufifia haraka kama hakuna anayesikiliza kazi yako na kukurekebisha. Kwa hiyo tafuta mshauri mwenzako mmoja. Muombe mteja ruhusa ya kurekodi mazungumzo, mhakikishie nani atasikiliza na lini itafutwa, na kama hataki usirekodi. Kisha kaeni wawili mhesabu: maswali mangapi, marejesho mangapi. Wanaopima kazi hii huona vizuri pale marejesho yanapofika mara mbili ya maswali. Katika mazungumzo uliyoniandikia maswali yako ni manne na rejesho hakuna hata moja, kwa hiyo usianze na mbili kwa moja. Wiki hii lenga rejesho moja kwa kila swali.

Na yule kijana usimfuate kichochoroni. Mtumie salamu kwa kaka yake kwamba ungependa kusikia habari za dago, umwachie achague siku. Akija, niandikie tena, na uniletee maneno yake kama alivyoyasema.